Mgeni Akiuliza "Ni Halali?" Hajaomba Fatwa

Siku hizi mgeni hapigi simu hotelini, anaandika. Anaandika kabla ya kubuki, anaandika akiwa njiani, anaandika saa nane usiku akiwa kitandani huku risepsheni iko ghorofa ya chini tu. Mahoteli nayo yameamua kujibu kwa kasi, kwahiyo kuna majibu yaliyoandaliwa kabisa, unabonyeza tu yanakwenda, na mitandao ya kubuki imeweka visanduku vya kutiki, kimojawapo kimeandikwa "halali" pale kwenye kifungua kinywa. Wengi wanaona hii ni hatua nzuri, hoteli sasa inamjali Muislamu. Wengine wanalalamika kwamba majibu ni baridi, hayana utu, eti wafanyakazi wafundishwe dini ndo mambo yatakaa sawa. Mi naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinadhani swali la mgeni ni la dini. Swali la mgeni ni la jikoni, la friji, la ukuta wa chumba na la bwawa. Dini yake anaijua mwenyewe, asichokijua ni kilichomo kwenye jengo lenu. Kazi ya anayejibu meseji ni kumpa mgeni taarifa ambazo hoteli peke yake inaweza kuzithibitisha, alafu hukumu amwachie mwenye imani yake.

Najua linasikika rahisi, lakini hebu tuangalie neno lenyewe. Kwenye Kiswahili halali ni neno pana sana, kuna malipo halali, ndoa halali, kibali halali, kwahiyo mtu wa risepsheni akisoma "chakula chenu ni halali?" masikio yake yanasikia kitu kama "chakula chenu kiko safi?" na jibu linatoka lenyewe, ndiyo, karibuni sana. Anayeuliza kwa Kiingereza naye anamaanisha jambo mahususi, na hata hilo jambo mahususi lina matabaka. Mmoja akisema halali anamaanisha tu hakuna nguruwe. Wa pili anamaanisha mnyama amechinjwa kwa masharti, sio kibudu. Wa tatu anataka cheti cha taasisi fulani, maana taasisi zenyewe hazikubaliani, kuna zinazokubali mnyama apigwe shoti ya kumzubaisha kabla ya kuchinjwa ilimradi hafi kwa hiyo shoti, na kuna zinazokataa kabisa. Wa nne nyama kwake haina neno, anakula samaki tu akisafiri, wasiwasi wake ni mvinyo kwenye sosi. Wote wanne wameandika neno lile lile moja. Ukijibu "ndiyo" umewajibu watu wanne kwa neno moja na huenda umemjibu sawa mmoja tu.

Mwenyewe nimewahi kuitoa hiyo "ndiyo". Nilikuwa meza ya buking ya hoteli moja, familia ya watu wanne ikauliza, nami nilikuwa najua kwa uhakika kwamba kuku na ng'ombe wetu wanatoka kwa msambazaji mwenye cheti. Nikajibu kwa furaha kabisa. Asubuhi ya kwanza yule baba alisimama mbele ya jiko la mayai akamtazama mpishi, bamba moja la chuma, upande wa kushoto bekoni ya nguruwe, upande wa kulia soseji za kuku, na mwiko mmoja unaogeuza pande zote mbili. Hakugomba. Familia ilikula mkate, matunda na mayai ya kuchemsha kwa siku nne, na mi nikaja kuelewa siku ya tatu nilipoona mayai ya kuchemsha yanaagizwa meza ile ile kila asubuhi. Jibu langu halikuwa uongo, nyama ilikuwa ya kuchinjwa kweli. Ila niliulizwa kuhusu sahani nikajibu kuhusu risiti.

Tangu hapo nikiisoma meseji ya halali naiona ina vituo vitatu, na kila kituo kina mtu wake wa kuulizwa ndani ya hoteli. Cha kwanza ni nyama inatoka wapi, hilo linajulikana na manunuzi, na jibu liko kwenye makaratasi: jina la msambazaji, cheti kimetolewa na nani, kinaisha lini, na kinahusu nyama zipi, maana mara nyingi cheti ni cha kuku tu alafu hoteli inakipeperusha kwa menyu nzima. Cha pili ni kinachotokea baada ya nyama kuingia jikoni, hilo anajua mpishi mkuu na si mtu mwingine: mafuta ya kukaangia chipsi ndo yale yale ya vipande vya nguruwe? Bamba la kuchomea ni moja? Visu na mbao za kukatia zinatengwa au zinaoshwa tu? Cha tatu ni vitu vilivyojificha, na hapa ndo wengi wanateleza kwasababu havina sura ya nguruwe wala ya pombe. Jelatini iko kwenye pudini, kwenye keki za jibini za baridi, kwenye baadhi ya mtindi, na kama pakiti haijasema imetokana na ng'ombe au samaki basi hujui. Mafuta ya nguruwe yanaweza kuwa kwenye unga wa pai. Mvinyo uko kwenye sosi ya nyama na kwenye uyoga wa kukaanga, na vanila ya maji ya kawaida imeyeyushwa kwenye alkoholi.

Kwenye mvinyo kuna jibu moja linalopendwa sana na wapishi, kwamba pombe ikipikwa inaruka yote. Hairuki yote. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha chakula kilichochemshwa na pombe kwa dakika 15 bado kinabaki na karibu asilimia 40 ya ile alkoholi iliyotiwa, saa moja inabaki asilimia 25 hivi, na hata saa mbili na nusu bado kuna kama asilimia 5. Ile ya kuwasha moto juu ya sufuria kwa mbwembwe inabakiza robo tatu. Kwahiyo mpishi akikwambia "mwambie imeruka" usiandike hivyo. Andika kwamba sosi imepikwa na mvinyo, na kwamba anaweza kupikiwa bila huo mvinyo akisema saa kadhaa kabla. Yeye ataamua. Pengine kwake tone moja tu limeharibu, pengine ana maoni mengine, huo sio mjadala wa kufanyia kwenye WhatsApp ya hoteli.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na nyingine zina uzito. Ya kwanza inasema ukianza kumuuliza mgeni "halali ya namna gani" unamhoji imani, unamfanya ajione mzigo, bora ujibu kwa heshima na ufupi. Hii hoja naiheshimu kwasababu nimeona maswali ya ovyo kweli kweli, mtu anaulizwa "kwani wewe ni Muislamu?" au "mnakula kila kitu isipokuwa nguruwe, sio?" Lakini kosa hapo ni kumhoji mtu badala ya kumpa orodha yako. Huhitaji kumuuliza chochote kuhusu yeye. Unaweza kuandika: "Kuku na ng'ombe wetu wana cheti, nakutumia picha yake. Bekoni ya nguruwe inachomwa kwenye bamba moja na soseji asubuhi, lakini mpishi anaweza kukutengenezea kwenye kikaango cha peke yake ukituambia usiku kabla. Chipsi zina mafuta yake. Pudini ya leo ina jelatini ya ng'ombe isiyo na cheti." Mgeni akisoma hiyo atajua mwenyewe ale nini, na hujamuuliza hata swali moja la imani.

Hoja ya pili ni ya mameneja, wanasema suluhisho ni cheti cha hoteli nzima, ukishakuwa nacho maswali yanaisha. Ni kweli cheti kinasaidia sana, na kuna nchi zimefika mbali, Malaysia kwa mfano ina viwango vyake vya ukarimu unaomfaa Muislamu, MS 2610, tangu 2015. Ila cheti kina mipaka yake iliyoandikwa. Jiko moja linaweza kuwa nacho na mgahawa wa ghorofa ya juu, ndani ya jengo hilo hilo, usiwe nacho, na chakula cha kupelekwa vyumbani usiku kinatoka jiko lipi? Mgeni anaagiza saa tano usiku akiamini cheti kile alichokiona kwenye lifti. Kwahiyo hata mwenye cheti bado anatakiwa kuandika ni cha jiko gani.

Hoja ya tatu ndo dhaifu kuliko zote na ndo inayosikika sana: mpeni Muislamu ajibu hizo meseji. Inaonekana ya busara, mwenye dini anaijua dini. Kumbe inazalisha fatwa za risepsheni. Yule kijana atajibu kwa alivyolelewa. Kama kwao kamba na pweza ni halali bila shida, kama ilivyo kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ataandika "vyakula vya baharini vyote poa", na mgeni ni wa madhehebu ya Hanafi ambaye kwake cha bahari kinacholiwa ni samaki, na pweza hayumo. Au atamwambia mgeni kwamba nyama ya kawaida inafaa kwasababu imechinjwa nchi ya Ahlul Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, suala ambalo wanachuoni wenyewe wamelijadili karne na karne. Imani ya mjibuji haimpi taarifa yoyote kuhusu bamba la mayai, na kwenye bamba ndo kulikuwa na tatizo. Juu ya hapo siku akiwa likizo hoteli inakuwa haina majibu, na kwa kweli ni kumtwika mfanyakazi mmoja kazi ya ziada kwasababu tu ya jina lake.

Na kwa upande wa jina la mgeni ndo kuna kosa la kinyume, la kujali kupita kiasi. Hoteli inasoma jina kwenye buking, inaona ni la Kiislamu, inaondoa vinywaji chumbani, inabadili ile chupa ya bure ya maadhimisho ya ndoa inaweka juisi, alafu inaandika "tumezingatia imani yako". Hakuna aliyeomba. Huyo mgeni pengine si mtu wa dini, pengine ni Mkristo mwenye jina la Kiarabu, pengine ni Muislamu ambaye hataki hoteli imtangazie dini yake mbele ya wenzake wa kazini. Kadhalika anayeomba minibaa itolewe pombe si lazima awe Muislamu, anaweza kuwa ameacha kunywa miezi mitatu iliyopita na hataki kulala chumba kimoja na chupa. Ukimjibu "bila shaka, tunaheshimu imani yako" umekosea na umemlazimisha aidha anyamaze au ajieleze. Jibu lenye adabu halitaji sababu: "Kama ulivyoomba, vinywaji vyote vyenye kilevi vimetolewa chumba 412, friji imebaki na maji na soda, na wasafishaji wamejulishwa wasirudishe."

Hicho kipande cha mwisho cha sentensi ndo kinachosahaulika. Ombi lilifika kwenye meseji, mtu wa zamu ya asubuhi akatoa chupa, akaridhika. Kesho yake anayejaza minibaa anapita na orodha yake, anaona friji imepungukiwa chupa sita, anajaza, na kwenye bili zinaandikwa sita zimenywewa. Nyingine ni zile friji zenye vihisio, ukinyanyua chupa ukakaa nayo kidogo mashine inahesabu umenunua, kwahiyo mgeni aliyeamua kuzitoa mwenyewe azipange kabatini anakuta deni la pombe kwenye hesabu yake akitoka. Fikiria kumweleza mtu huyo risepsheni, mbele ya foleni, bili ya vilevi ambavyo ndo alikuwa anavikimbia. Dawa yake ni ndogo, ombi liandikwe kwenye rekodi ya chumba kwa muda wote wa kukaa. Na liandikwe kama kitendo, "bila pombe, bila nguruwe", lisiandikwe "Muislamu". Ulaya sheria ya data inayotumika tangu Mei 2018 inaweka imani ya dini kwenye kundi la taarifa za kulindwa kwa namna ya pekee, lakini hata pasipokuwa na sheria hiyo, msafishaji anahitaji kujua afanye nini na friji, dini ya mtu haimhusu.

Kuna meseji pia inayouliza "hotelini kuna pombe?" na hii si ile ile ya friji. Mara nyingi anataka kujua kama atakaa mezani na watoto huku meza ya jirani inafungua chupa. Kwahiyo "ndiyo tuna baa nzuri sana ghorofa ya kwanza" ni jibu la mtu anayeuza, wakati muulizaji alitaka ramani. Mwambie baa iko wapi, kifungua kinywa kinaliwa chumba gani, mgahawa wa jioni unauza pombe au la, na kama kuna pembe au muda wa utulivu zaidi.

Kibla nacho kinaonekana ni swali jepesi kuliko yote na majibu yake ndo mabovu kuliko yote. "Tumia programu kwenye simu" ni jibu la kumfukuza mtu, kwasababu dira ya simu inasoma sumaku, na ndani ya jengo kuna nondo, kuna lifti, kuna friji, sindano inaweza kuyumba vibaya mtu akisogea hatua mbili. "Kibla ni mashariki" ni baya zaidi kama mtu amekisia kwa ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, njia fupi ya kwenda Makka ukiwa New York inaanzia kaskazini mashariki, nyuzi 58 hivi kutoka kaskazini, ingawa ramani bapa inakuonyesha Makka iko chini upande wa kusini mashariki. Na ule mshale wa stika kwenye droo ya kimeza cha kitandani, jamani, droo inahama! Ukarabati umefanyika, vimeza vimebadilishana vyumba, mshale sasa unaelekea bafuni na hakuna anayejua. Ndo maana wanaojua kazi hii wanabandika darini, dari haihami.

Hoteli inaweza kupima mara moja ikamaliza. Jengo halizunguki, vyumba vya upande mmoja wa korido vina mwelekeo mmoja, kwahiyo unahitaji namba moja kwa jengo na mchoro wa kila upande. Unaweza kuipata kwa picha ya satelaiti na mstari uliochorwa hadi Kaaba kwa programu inayofuata mviringo wa dunia, au ukatumia jua lenyewe. Mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 27 au 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, na tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27, jua linakuwa wima juu ya Kaaba. Mahali popote penye jua muda huo, simamisha kijiti wima uani, kivuli kinaanguka upande wa pili wa kibla, yaani ukilitazama jua umetazama kibla. Weka alama, linganisha na ukuta wa jengo, imekwisha. Alafu meseji isiandike nyuzi, nani anatembea na kipimo cha nyuzi chumbani? Iandike hivi: "Ukiingia mlangoni ukalitazama dirisha, kibla ni kona ya kulia ya dirisha." Hiyo mtu anaielewa akiwa na udhu tayari na dakika tano za kabla ya treni.

Kwenye mavazi sina mengi. Anayeuliza "naweza kuogelea na nguo ya stara?" anajua kanuni za stara kuliko wewe, hofu yake ni kwamba mlinzi wa bwawa atampigia filimbi mbele ya watu wote. Mjibu kuhusu filimbi: nguo ndefu ya kuogelea ya nailoni au polista inaruhusiwa, ya pamba hairuhusiwi kwasababu inaachia nyuzi kwenye chujio, na mlinzi wa zamu ameshaambiwa. Akiuliza saa za wanawake peke yao, saa zenyewe hazitoshi, mwambie pia mlinzi wa muda huo ni mwanamke au mwanaume, kuna kamera, na vyumba vya juu vinaona bwawa au havioni. Nimeona hoteli zikitangaza saa za wanawake kwa mbwembwe na mlinzi ni kaka mmoja amekaa kwenye kiti chake kirefu.

Ukifuata njia hii kuna gharama, sikatai. Meza ya meseji haiwezi tena kujibu yenyewe, inamtegemea mpishi, manunuzi, usafi na mlinzi wa bwawa, na hao watu wana kazi zao. Kinachofanya kazi ni karatasi moja ya taarifa inayoandikwa na idara husika, sio na masoko, yenye tarehe na jina la aliyethibitisha kila mstari: nyama, mafuta, bamba, jelatini, friji, kibla, bwawa. Majibu yaliyoandaliwa yanachotwa humo. Hapo kasi na ukweli vinaweza kukaa pamoja, na hata yule wa zamu ya usiku asiyejua chochote kuhusu dini yoyote anajibu sawa sawa.

Ugumu uko kwenye siku karatasi inapobadilika. Msambazaji wa kuku amekwama Jumanne, manunuzi wamechukua kwa mwingine asiye na cheti, mpishi anajua, karatasi imesahihishwa vizuri kabisa. Lakini kuna familia iliandikiwa Jumatatu kwamba kuku wana cheti, na inaingia Ijumaa. Kusahihisha karatasi hakuwafikii. Mtu lazima afungue meseji za wiki hiyo, atafute kila aliyeahidiwa, amwandikie kabla hajafika kwamba kuku wa wiki hii si wale, samaki wapo, na mboga zinapikwa sufuria yake.